Anza na Kikombe, Kisha Picha: Maneno kwa Wapiga Picha na Wachapaji wa Mtwara

Waheshimiwa wenyeji wetu, mama zangu wa cherehani, na ndugu zangu wa studio na stesheneri mliofika kutoka hapa mjini, Mikindani na Lindi, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nizungumzie utayarishaji wa picha ya kuunganisha, yaani picha moja iliyotengenezwa kutokana na picha kadhaa, ambayo mteja anataka ichapwe kwenye kikombe au kitambaa ili iwe zawadi. Nitazungumzia zaidi kikombe, kwa sababu ndicho kinachotuumbua, na kitambaa nitakigusa mwishoni kwa yale yanayokitofautisha.

Kikombe kinachozunguka sasa hivi mikononi mwenu ni kibovu, na nimekileta kwa makusudi. Kilitokana na kazi ya harusi niliyoletewa na mama mmoja wa Ligula, aliyetaka vikombe 24 vya kuwapa wazee wa pande zote mbili. Alinipa picha ya bwana na bibi harusi waliyopiga ufukweni Shangani, picha nne za ndugu walio mbali, na picha ndogo ya marehemu mama yake ambaye hakuwahi kumwona mjukuu huyu. Akaniambia, "Mwanangu, nataka wote wakae pamoja, na bibi asiachwe pembeni." Nikawapanga saba mstari mmoja kama wanavyosimama mbele ya ukumbi, bibi nikamweka mwisho upande wa kulia kwa sababu ndipo palipobaki nafasi. Kwenye skrini ilipendeza sana. Kikombe kilipotoka kwenye mashine, shavu la bibi lilikuwa limefifia karibu na mkono wa kikombe, gauni la bluu la bibi harusi lilikuwa la zambarau, na mtu akikishika hakuweza kuona zaidi ya watu watatu kwa mara moja. Bibi aliachwa pembeni kweli, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Kosa langu lilitangulia mashine. Niliunganisha picha kabla ya kukipima kikombe. Kikombe cha kawaida cha kuchapia, kile cheupe ambacho wauzaji hukiita cha aunsi 11, kina kipenyo cha takribani sentimita 8.2 na kimo cha takribani sentimita 9.5. Ukizungusha tepe ya fundi cherehani utapata mzunguko wa karibu sentimita 25.7, lakini mkono wa kikombe unakula sehemu, na ukanda unaochapika vizuri ni kama sentimita 20 kwa 9. Nasema kama, kwa sababu vikombe vya maboksi mawili tofauti vinaweza kupishana kwa milimita kadhaa, kwa hiyo kila boksi jipya linapofika, pima kikombe kimoja kabla ya kugusa kompyuta.

Sasa fikirini macho yanaona nini. Kitu cha duara hakionekani chote. Unachokiona ni nusu yake, na katika nusu hiyo kingo mbili zinakimbia nyuma, kiasi kwamba uso uliowekwa hapo huonekana mwembamba kama umebanwa na mlango. Eneo linalotazamika bila kupotoka sana ni robo ya mzunguko, yaani sentimita 6 na kidogo. Kwa hiyo ukanda wa sentimita 20 si ubao mmoja wa picha ndefu, ni kurasa mbili zenye njia katikati. Aliyeshika kikombe kwa mkono wa kulia anatazama sehemu ya kulia ya ukanda wako, na mtu aliyekaa mkabala naye mkekani anaona sehemu ya kushoto. Jambo hili ukilijua, linakuamulia nani akae wapi: anayekusudiwa kuonwa na mpokeaji mwenyewe kila asubuhi anywapo chai awe kulia, na wanaokusudiwa kuonwa na wageni wawe kushoto.

Nilipoirudia kazi ile, nilifungua karatasi mpya katika Photoshop yenye upana wa sentimita 20, kimo cha sentimita 9 na msongamano wa 300, ambayo ni pikseli 2362 kwa 1063. Kisha, kabla ya kuingiza uso hata mmoja, nikavuta mistari ya mwongozo. Milimita 7 kutoka juu na milimita 7 kutoka chini nikaziacha zisiguswe na kitu chochote cha maana, kwa kuwa midomo na kitako cha kikombe huwa vimepinda kidogo na blanketi la mashine halivikandamizi sawasawa. Rangi pale hutoka hafifu, au hutoka kama moshi. Pembeni nikaacha sentimita 2 kila upande, kwa sababu karibu na mkono wa kikombe blanketi linanyanyuka na joto halifiki vizuri. Huo ndio ukingo wa usalama. Haimaanishi kwamba pawe tupu. Bahari, mchanga na anga vinaweza kufika hadi mwisho, kwa maana bahari ikififia kidogo hakuna anayelalamika, lakini nyuso, majina na tarehe hazivuki mstari.

Kilichobaki kwa kila ukurasa ni eneo la upana wa sentimita 6, kuanzia sentimita ya 2 hadi ya 8 kushoto, na kuanzia ya 12 hadi ya 18 kulia. Maharusi na mmoja wa wale ndugu wanne nikawaweka kushoto, wakiwa wamekaribiana, mmoja nyuma kidogo ya mwenzake badala ya kupangwa mstari. Kulia nikamweka bibi akiwa mkubwa kuliko wote, na nyuma yake, kwa kimo cha chini, wale wengine watatu. Sentimita 4 za katikati zikabaki na maji ya bahari, na juu ya maji majina mawili na tarehe. Mama alipoiona alisema bibi sasa amekuwa mwenye nyumba.

Kabla ya kutumia karatasi ya kuhamishia na wino wake, chapa picha kwenye karatasi ya kawaida, ikate kwa mstari, izungushe kwenye kikombe na uibane kwa gundi ya karatasi. Kaa mezani, shika kikombe kama mtu anywaye, halafu mwambie mwenzako akae mbele yako. Jaribio hili halizidi dakika tano na linaonyesha mambo ambayo ile picha ya kikombe cha mfano kwenye kompyuta haikuonyeshi. Mimi siku hizi namwita mteja akishike mwenyewe kile cha karatasi, kwa sababu akishakubali hapo, ugomvi umepungua nusu.

Niseme kidogo kuhusu picha zenyewe. Picha ya bibi ilikuwa ndogo ya pasipoti, sentimita 3.5 kwa 4.5, nyeusi na nyeupe iliyoanza kuwa ya manjano. Niliiskani kwa msongamano wa 600, na urefu wake ukawa pikseli 1063, yaani sawasawa na kimo cha ukanda wa kikombe. Ikanitosha bila kuivuta. Picha za ndugu zilikuja kwa WhatsApp, na mnajua programu hiyo kwa kawaida hubana picha, mara nyingi hadi karibu pikseli 1600 kwa upande mrefu. Uso uliokatwa katika picha ya kundi iliyobanwa namna hiyo unaweza kubaki na pikseli 200 tu, na ukiukuza unapata uso wa sabuni, usio na vinyweleo wala mikunjo. Waombeni wateja watume kama faili la hati, si kama picha. Asiye na picha nzuri awekwe mdogo nyuma, asikuzwe kwa heshima ya cheo chake.

Bibi alikuwa ametazama nje ya kundi, na mkono wangu ukakimbilia kumgeuza kushoto kulia. Nashukuru kwamba nilitazama kanga yake kwanza. Jina la kanga lilikuwa linasomeka begani, na kumgeuza kungeyafanya maneno yasomeke kinyumenyume, jambo ambalo mama yeyote wa huku angeliona kabla ya kuona sura. Nikamwacha alivyo na nikawageuza wale watatu nyuma yake, ambao nguo zao hazikuwa na maandishi. Msichanganye jambo hili na kugeuza ukanda mzima wakati wa kuchapa, ambako ni lazima: karatasi inalazwa kifudifudi kwenye kikombe, kwa hiyo karatasi inayosomeka vizuri itatoa kikombe kisichosomeka.

Jambo jingine linalojitokeza zaidi kwenye kikombe kuliko kwenye karatasi ya picha ni kingo za watu uliowakata. Wino wa sablimesheni, huu tunaouhamisha kwa joto kutoka kwenye karatasi, hauna rangi nyeupe. Weupe wote unaouona ni wa kikombe chenyewe. Mtu aliyepigwa mbele ya bahari hubaki na uzi wa samawati kuzunguka nywele, na uzi huo ukilala juu ya weupe unaonekana kama alama ya kalamu. Katika dirisha la Select and Mask weka alama kwenye Decontaminate Colors, kisha ukuze picha hadi 200% na uzunguke kichwa kizima kwa macho. Kivuli laini unachokififisha kuelekea kwenye weupe nacho kina hila yake: rangi ikifika hafifu mno, printa huacha kuitoa, na badala ya kuyeyuka taratibu kivuli kinakatika na kubaki kama doa la chai. Na kama usuli wako unaouita mweupe si mweupe kamili, bali una thamani ya 250 badala ya 255, utapata mstatili wa kijivu ambao skrini haikukuonyesha na ambao mteja ataugundua akiwa kwake, kikombe kikiwa dirishani. Pitisha kielekezi juu ya usuli na usome namba katika paneli ya Info.

Sasa nije kwenye gauni. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, na bluu yake kali inatoka kwenye taa ya bluu moja kwa moja. Printa haina wino wa bluu wa namna hiyo. Inachanganya sayani na majenta, na majenta ikizidi kidogo tu bluu inakuwa zambarau. Bluu ile ya gauni ilikuwa nje ya uwezo wa wino wangu, na printa ikatafuta rangi ya jirani ikakosea mlango. Ili uyaone hayo mapema, unahitaji faili la wasifu wa rangi linalolingana na wino na karatasi yako, ambalo muuza wino mwaminifu hukupa. Uliweke kwenye kompyuta, uende View, kisha Proof Setup, kisha Custom, ulichague, halafu ubonyeze Ctrl+Y. Picha itafifia mbele yako. Msiogope, huo ndio ukweli. Ukibonyeza Shift+Ctrl+Y, sehemu zisizochapika hufunikwa na kijivu. Kwa picha ile lilikuwa gauni lote pamoja na kipande cha bahari.

Dawa yake sikuiweka kwenye picha nzima, kwa kuwa ningeharibu ngozi za watu. Nilichagua gauni peke yake, nikafungua Hue/Saturation, nikachagua Blues, nikasogeza Hue hadi -12 kuelekea sayani na nikapunguza Saturation kwa 15. Kwenye skrini likaonekana la kijanikijani kidogo, jambo lililonikera, lakini kikombe kikatoka bluu. Namba hizo ni za wino wangu. Zenu mtazipata kwa kuchapa vipande vya majaribio. Mimi huchapa kipande cha sentimita 2 chenye uso mmoja na rangi moja ya nguo, nikakipasia kwenye kikombe chenye kasoro, na juu yake naandika kwa kalamu ya wino usiofutika mabadiliko niliyofanya.

Wapo wanaogeuza faili kuwa CMYK wakidhani wanaisaidia printa. Kwa printa zetu hizi ndogo za mezani wanaidhuru, kwa sababu dereva wake hutarajia kupokea RGB na kufanya mgawanyo wa wino mwenyewe. Acheni faili katika sRGB. Na kama mmechagua Photoshop Manages Colors pamoja na wasifu wa rangi, basi katika dirisha la printa chagueni No Color Adjustment, la sivyo rangi zinasahihishwa mara mbili na nyuso zinatoka nyekundu kama zimechomwa na jua la Msimbati.

Ngozi zetu nyeusi zinadai uangalifu wa namna yake. Wengi tunahariri huku mwanga wa skrini ukiwa umepandishwa mwisho, tunaona kila kitu, kisha kikombe kinatoka giza na mashavu yanaungana na shingo. Shusheni mwanga wa skrini mpaka karatasi nyeupe iliyo pembeni yake isionekane ya kijivu, halafu kwa Curves pandisheni kidogo sehemu za kati za nyuso pekee. Picha ya bibi nilikuwa na hamu ya kuiacha kijivu kama ilivyo, lakini kijivu kitupu ni rangi ngumu kuliko zote kwa sababu inatokana na wino kadhaa zilizopimana, na mmoja ukizidi bibi anakuwa wa kijani. Nikampa hudhurungi hafifu kwa makusudi. Hakuna anayeweza kusema imekosewa, maana inafanana na picha za zamani.

Ikiwa faili ni sahihi na rangi bado imepotoka, tazameni joto. Wino huu unageuka kutoka yabisi kuwa gesi na kuingia kwenye tabaka la plastiki lililopakwa juu ya kikombe. Ndiyo maana kikombe cha kawaida cha dukani hakishiki. Mashine yangu naitumia kwa nyuzi 180 kwa sekunde 180, ninyi fuateni karatasi ya muuzaji wenu. Picha nzima ikitoka imefifia, mara nyingi joto au muda haukutosha. Weupe ukigeuka manjano na kingo za herufi zikavimba, umezidisha. Huku kwetu umeme ukipungua nguvu mchana, mashine hushuka nyuzi kadhaa katikati ya kazi, kwa hiyo angalieni namba kila kikombe, msiangalie cha kwanza tu. Na karatasi za kuhamishia zihifadhiwe ndani ya mfuko uliofungwa, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu, nao ukipata joto unakuwa mvuke unaoacha madoa na kusogeza rangi. Picha ikiwa bado kwenye karatasi itaonekana imepauka. Msiongeze rangi kwa kuihukumu hapo.

Kwa upande wa kitambaa, mama yule aliongeza foronya nne za mito ya kochi. Swali la kwanza ni uzi. Sablimesheni inashika poliesta, na kwenye pamba tupu rangi huonekana siku ya kwanza kisha hutoka kwa kufua. Muuzaji akisema ni poliesta, chomoa nyuzi mbili za pindoni uziwashe kwa kiberiti: poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu, pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu. Swali la pili ni weupe wa kitambaa. Foronya za kwanza alizoleta zilikuwa na rangi ya maziwa, na kwa kuwa hatuna wino mweupe, meno na shela vilitoka na rangi ya maziwa pia, na bluu ikasogea kwenye kijani. Nilimwomba abadilishe, akabadilisha.

Ukingo wa usalama wa kitambaa hautokani na joto, unatokana na cherehani. Mnajua kanga ina pindo, mji na jina, na fundi anayeikata gauni hula pindo kwanza. Ukichapa kipande kabla hakijashonwa, hesabu kwamba mshono utakula sentimita 1 hadi 1.5 kila upande; kwa mto wa sentimita 40 chapa usuli hadi sentimita 43, na nyuso zikae angalau sentimita 4 ndani ya mshono, kwa maana mto ukijazwa unavimba na kingo zake zinageuka upande. Kwa mwenye printa ya A4 na foronya iliyokwisha kushonwa, chapa picha ya sentimita 19 katikati, na usiifanye ya mraba wenye kingo kali; ukipotoka milimita 3 mraba utakushtaki, lakini picha yenye kingo zinazofifia kwenye mchanga au mawingu itakusitiri. Pasia kitambaa kitupu kwa sekunde 5 hadi 10 kwanza, mvuke utoke, ndipo uweke karatasi. Tarajieni pia kwamba faili lile lile litaonekana limetulia zaidi kwenye kitambaa kuliko kwenye kikombe, kwa sababu kikombe kinang'aa na kitambaa kinanywa mwanga, hivyo kila kimoja kiwe na nakala yake ya faili, na jina la faili litaje ni la kitu gani.

Pale mezani kuna vikombe sita vya maboksi tofauti, tepe, mikasi na karatasi tupu. Njooni wanne wanne, mpime mzunguko, mkate ukanda wenu, na mchore kwa penseli mahali ambapo uso haupaswi kufika. Hicho kibovu changu mkimaliza kukitazama mnirudishie, kwa kuwa ndicho ninachoandikia majaribio.